Zabuni ya maharage ya shule: bei ya kushinda na bei ya kuishi nayo

Zabuni ya kwanza ya maharage niliyoomba nilishindwa kwa zaidi ya shilingi mia nne kwa kilo. Mshindi aliandika sh. 2,300. Nilirudi Moshi mjini nikiwaza huyu mwenzangu mzigo anautoa wapi, maana kwa hesabu zangu bei ile haikuwa na hata nauli ndani yake. Machi iliyofuata mhasibu wa shule ile akanipigia kuuliza kama nina maharage ya haraka, mzabuni wao hapokei tena simu. Siku hiyo sokoni Mbuyuni kilo moja, kwa bei ya jumla, ilikuwa imeshapita bei yake ya zabuni. Kila gunia alilopeleka shuleni lilikuwa linamla mtaji, akaona afadhali alaumiwe.

Hakuwa mjinga. Aliomba zabuni mwishoni mwa Juni, maharage ya masika yanaanza kushuka kutoka mashambani, soko limejaa, bei iko chini. Akachukua bei ya siku ile, akaongeza asilimia 15, akaona imekaa vizuri. Kosa lake ni kwamba aliuza mzigo wa mwaka mzima kwa bei ya wiki moja.

Nitachukua zabuni moja tu na kuipigia hesabu tangu mwanzo, kwa sababu maneno ya jumla kuhusu bei hayamsaidii mtu aliyeshika fomu. Ni shule ya bweni ya serikali yenye wanafunzi 600. Inataka kilo 18,000 za maharage makavu kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Desemba na Juni wanafunzi wako likizo, kwa hiyo mzigo unapelekwa mara 10, kilo 1,800 kila mara. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za soko lako, njia ya hesabu haibadiliki.

Kabla ya yote, angalia kama kiasi chenyewe kina mantiki. Kilo 1,800 kwa wanafunzi 600 ni kilo 3 kwa kila mmoja kwa mwezi, yaani kama gramu 100 kwa siku. Hiyo inalingana na sufuria halisi. Ukikuta zabuni inayotaka gramu 250 kwa siku, jua kuna aliyejaza namba bila kufikiri, na oda zitakazokuja zitakuwa ndogo kuliko karatasi.

Kila anayeuza kitu ana bei ya mwisho, ile ambayo chini yake anamwambia mteja "nenda salama". Sokoni tunaijua kichwani. Kwenye zabuni lazima uiandike, na uiandike kabla hujaanza kuwaza wengine wataweka ngapi. Ukianza na washindani, bei yako ya mwisho itaanza kujipunguza yenyewe kila ukikumbuka jina la mtu.

Bei ya soko ni ya miezi 10

Kwetu huku maharage yana misimu miwili. Ya masika yanavunwa kuanzia Juni hadi Agosti hivi, na ya vuli yanakuja Januari na Februari, kwa kawaida machache kuliko ya masika. Kati ya misimu hiyo bei inapanda, na inapanda zaidi Machi hadi Mei, maharage ya zamani yakiwa yanaisha na mapya bado yako shambani. Juu ya hapo kuna wanunuzi wa Kenya. Wakivuka Namanga au Holili na fedha mkononi, soko la Kilombero pale Arusha linasikia siku hiyo hiyo, na Mbuyuni tunasikia kesho yake.

Tuseme kilo sokoni ni sh. 2,000 Julai na Agosti, 2,200 Septemba, 2,400 Oktoba na 2,600 Novemba. Januari ni 2,500, Februari vuli inaishusha hadi 2,400, kisha Machi 2,600, Aprili 2,800 na Mei 2,900. Jumlisha zote kumi ni 24,400, kwa hiyo wastani ni sh. 2,440. Huo ndio mwanzo wa hesabu. Yule mwenzangu alianza na 2,000. Ile 2,300 yake ilimlipa hadi Septemba na kuanza kumtafuna Oktoba.

Bei za miezi inayokuja nazipata kwenye daftari langu. Kila Jumamosi naandika bei ya jumla ya Mbuyuni, na ya Kilombero nikimpata dalali kwenye simu. Miaka mitatu ya daftari haikuambii bei ya Aprili ijayo, lakini inakuambia Aprili huwa juu ya Julai kwa kiasi gani. Nachukua bei ya Julai ya mwaka huu na kuipandisha kwa uwiano huo.

Kilo unayonunua na kilo unayouza

Maharage mapya hayajakauka vizuri, na maji yaliyomo ndani umeyalipia kwa bei ya maharage. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 16 zikikauka hadi asilimia 13 zinabaki kilo 96 na nusu. Hakuna aliyeiba, ni hewa imechukua. Ukiongeza vumbi, vijiwe, punje zilizopasuka na zilizooza unazotoa wakati wa kuchambua, kilo 2 nyingine zinaondoka. Mzigo wa Machi unakuwa umeshakauka kwa mwenye ghala, kwa hiyo haupungui sana. Kwa mwaka mzima mimi naweka asilimia 4.

Hapa watu wengi wanaongeza asilimia 4 juu ya bei. Inayotakiwa ni kugawanya. Kama kati ya kilo 100 ulizonunua unauza 96, basi bei ya kilo inayofika shuleni ni 2,440 gawanya kwa 0.96, ambayo ni sh. 2,542. Tofauti na njia ya kuongeza ni shilingi 4 tu, lakini kwa kilo 18,000 ni sh. 72,000, karibu nauli ya safari moja.

Asiye na kipima unyevu atumie chumvi. Weka chumvi kavu na maharage kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15 na mzigo huo hauko tayari kuingia ghalani. Ikiteremka yote chini, uko pazuri.

Wadudu ni hasara ya aina nyingine, kwa sababu wao hawakupunguzii kilo mbili tatu, wanakurudishia gari zima. Mwaka mmoja nilipeleka magunia 18 kwenye shule nyingine, mzigo niliokuwa nimeununua mwezi mmoja na nusu nyuma na kuuacha kwenye magunia ya kawaida. Bwana stoo alikuwa mzee mtulivu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaingiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko na kutoa konzi moja kutoka katikati, sio ya juu niliyokuwa nimeitazama mimi. Akaimwaga kwenye karatasi nyeupe na kuisogeza juani. Tukasubiri kimya. Punje mbili zilikuwa na tundu la mviringo, na nyingine zilikuwa na kidoa kama kidirisha chini ya ganda. Kisha kitu kidogo cha kijivu kikaanza kuelekea ukingoni mwa karatasi.

"Kijana wangu," akasema, "haya yanatembea."

Magunia yote 18 yakarudi kwenye kenta. Nililipa nauli ya kwenda na ya kurudi, vibarua wa kushusha na kupakia tena, na siku nne za kutafuta mzigo mwingine kwa bei ya siku hiyo. Wadudu hao mara nyingi wanatoka shambani wakiwa mayai, kwa hiyo gunia linaweza kuonekana safi siku unayolinunua. Tangu hapo mzigo wowote nitakaoukalisha zaidi ya wiki tatu unaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, ukiwa umekauka kwelikweli. Hewa ikiisha ndani, mdudu anakufa. Ila ukifungia maharage mabichi humo umejitengenezea ukungu.

Gharama ndogo ndogo na siku za kusubiri

Zilizobaki si ngumu. Gunia tupu sh. 15 kwa kilo, akina mama wa kuchambua sh. 35, kupakia na kushusha sh. 20, pango la ghala sh. 30, kenta hadi shuleni sh. 50. Jumla sh. 150. Tumefika 2,692.

Sasa inakuja ile ambayo haina risiti. Kila mzigo wa kilo 1,800 umekutoa mfukoni karibu sh. 4,850,000. Bwana stoo anapokea, kamati ya ukaguzi na mapokezi inasaini, ankara inakwenda kwa mhasibu pamoja na risiti ya EFD, halafu unasubiri. Tuseme unalipwa baada ya siku 90. Ina maana unapopeleka mzigo wa nne, wa kwanza ndio kwanza unalipwa, na wakati huo una karibu sh. 19,400,000 nje ya mfuko. Kama fedha hiyo ni mkopo wa asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi mitatu ni asilimia 4.5 ya 2,692, yaani sh. 121 kwa kilo. Tumefika 2,813.

Wenye mtaji wao wenyewe hupenda kuiruka hesabu hii. Wasiiruke. Fedha iliyolala kwa mhasibu wa shule ingeweza kuzunguka sokoni mara tatu. Na kila mwezi unaozidi zile siku 90 unakula sh. 40 nyingine kwa kilo, kwa hiyo shule inayolipa baada ya miezi 6 na ile inayolipa baada ya miezi 2 haziwezi kuandikiwa bei moja. Mkataba utasema siku za malipo, lakini mimi nawauliza wanaopeleka mkaa, nyama na mboga pale pale. Watu wa mboga hawafichi, wanakuambia hadi tarehe.

Ongeza gharama za zabuni yenyewe: mhuri wa wakili, dhamana kama imetakiwa, safari za kwenda kusaini. Tuseme sh. 360,000 kwa mwaka mzima, ambazo ni sh. 20 kwa kilo. Bei yangu ya mwisho ni sh. 2,833.

Kodi ya zuio inavyouma faida

Taasisi ya serikali inapolipia bidhaa, inakata kodi ya zuio ya asilimia 2 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ina maneno mawili ya kukumbuka. Kwanza, inakatwa kwenye malipo yote, haiangalii faida. Kwa bei ya sh. 3,050 unakatwa sh. 61 kwa kilo, na kama faida yako ni sh. 217, zaidi ya robo ya faida imeondoka kabla hujaishika. Pili, fedha hiyo haijapotea. Ni kodi ya mapato uliyolipa mapema, na kwa kuwa una cheti cha zuio utaidai kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Ukipoteza vyeti, umetoa zawadi.

Kwa hiyo nina mistari miwili. Sh. 2,833 ni pale ambapo biashara haipati wala haipotezi kwenye vitabu. Lakini ili nibaki na 2,833 mkononi baada ya zuio, lazima niandike 2,833 gawanya kwa 0.98, ambayo ni sh. 2,891. Chini ya hapo nitakuwa naenda kuongeza fedha ya nyumbani kila mwezi hata kama mwisho wa mwaka karatasi inasema nimepata kidogo.

Kuhusu VAT, maharage ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Nimeona mtu akijaza asilimia 18 kwa sababu fomu ilikuwa na safu hiyo. Alikuwa wa mwisho kwa bei.

Kuchagua bei juu ya mstari

Sasa ndiyo unaruhusiwa kuwafikiria wengine. Zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, na bei zilizosomwa kwenye ufunguzi si siri kwa walioshiriki. Nazo naziandika kwenye daftari lile lile: shule, mwaka, bei zote, bei ya Mbuyuni ya wiki ile. Nikitazama, naona walioshinda walikuwa wastani wa kiasi gani juu ya bei ya Julai. Kutoka hapo nakadiria nafasi yangu ya kushinda kwa kila bei. Ni makisio, lakini makisio yaliyoandikwa ni bora kuliko hofu ya usiku wa mwisho.

Tuseme nadhani kwa sh. 2,850 nitashinda mara 8 kati ya 10. Faida ni sh. 17 kwa kilo, yaani sh. 306,000 kwa mwaka. Ukizidisha kwa nafasi ya kushinda unapata sh. 244,800. Kwa 2,950 nafasi ni 6 kati ya 10, faida ya mwaka sh. 2,106,000, na zao lake ni sh. 1,263,600. Kwa 3,050 nafasi inashuka, tuseme asilimia 45, lakini faida ni sh. 3,906,000, na zao ni sh. 1,757,700. Kwa 3,150 nafasi ni asilimia 15 tu, faida sh. 5,706,000, zao sh. 855,900.

Itazame safari ya namba hizo. Kutoka 2,850 kwenda 3,050 nimeongeza bei kwa asilimia 7 tu, na faida imekuwa zaidi ya mara 12. Ndiyo maana kushusha shilingi mia "ili tupate kazi" ni ghali kuliko inavyosikika. Mia hiyo yote inatoka kwenye faida, kwa sababu mkulima, kenta na vibarua hawatashuka nawe. Upande wa pili, ukipita 3,050 nafasi inaporomoka haraka kuliko faida inavyopanda. Kwa makisio haya bei yangu ni 3,050, na zabuni nzima inasomeka sh. 54,900,000.

Faida hiyo ni asilimia 7 ya bei. Wengine wataiona ndogo, na mimi naiona nyembamba pia, kwa sababu moja. Wastani wa bei ya soko ukizidi makisio yangu kwa asilimia 10, ni sh. 244, na kwa kilo inayofika shuleni, pamoja na riba ya kusubiri, ni sh. 266. Faida yangu ya 217 inageuka hasara ya 49. Mwaka mmoja wa ukame kwenye vuli unatosha kufanya hivyo, na mikataba ya namna hii ya mwaka mmoja kwa kawaida bei yake haibadiliki. Soma kifungu hicho mwenyewe, usisimuliwe.

Mwenye ghala anacheza mchezo mwingine

Niliwahi kudhani kila anayeandika chini ya bei yangu ya mwisho anajiua. Si kweli. Bei ya mwisho ni ya mtu, na mwenye ghala na fedha ana yake.

Chukua mizigo mitano ya kwanza, Julai hadi Novemba, kilo 9,000. Akinunua mwezi mmoja mmoja, wastani wake ni sh. 2,240. Akinunua zote Julai ni sh. 2,000, ameokoa 240 kwa kilo. Fedha inakaa ndani ya maharage kwa wastani wa miezi miwili, ambayo kwa asilimia 1.5 kwa mwezi ni sh. 60. Mifuko ya kuzuia wadudu tuseme ni sh. 50 kwa kilo. Anabaki na 130. Ukiisambaza kwenye kilo zote 18,000 ni sh. 65, kwa hiyo bei yake ya mwisho ni kama 2,768 na yangu 2,833. Akiandika 2,950 anakula vizuri mahali ambapo mimi nagusa tu. Tena amejikinga, nusu ya mzigo wake haijali Wakenya watakuja na ngapi Oktoba.

Kwa hiyo kama unaona unashindwa kila mwaka kwa shilingi sitini au themanini, usikimbilie kukata faida. Tatizo linaweza kuwa unanunua kama muuza rejareja. Lakini kuna mtego: inahitaji sh. 18,000,000 Julai, na barua ya kushinda zabuni inaweza kuchelewa hadi Agosti. Ukijaza ghala kabla ya barua, unacheza kamari kwa mzigo wa tani tisa. Mimi nanunua theluthi moja kabla ya barua, kiasi ambacho hata nikishindwa nitakiuza Oktoba sokoni bila kulia.

Swali la kuuliza kabla ya kujaza

Hesabu yote hii imesimama juu ya neno moja nililolipitisha haraka pale mwanzo: kilo 1,800 "kila mara". Nyaraka nyingi za zabuni zinasema kiasi ni makadirio na mzigo utapelekwa kwa oda. Shule haijafungwa kununua zote, wala haijafungwa kuzinunua kwa mafungu sawa. Ikinunua kilo 12,000 badala ya 18,000, pango la ghala na gharama za zabuni, jumla sh. 900,000, zinapanda kutoka sh. 50 hadi 75 kwa kilo. Hilo linavumilika. Linaloumiza ni shule kununua kidogo Julai hadi Septemba, kwa sababu wazazi wamechangia maharage wakati wa mavuno, kisha ikakuagiza tani tatu tatu kuanzia Machi. Wastani wako wa 2,440 umekufa. Umekuwa mtu anayeuza Aprili kwa bei ya mwaka.

Niliwahi kuwaona wanafunzi wakishusha maharage ya michango getini siku niliyopeleka ankara yangu ya kwanza. Mimi na bwana manunuzi wa shule hiyo tulitazamana tu.

Kila zabuni ina muda wa kuomba ufafanuzi, na kwenye NeST unauliza humo humo, jibu linakwenda kwa wote. Nauliza kwa maandishi ratiba ya mwezi kwa mwezi, kama kuna michango ya maharage kutoka kwa wazazi, na oda ndogo kabisa ni kilo ngapi. Wazabuni wengi wanaogopa kuuliza wakidhani wanawapa washindani mwanga. Nami nataka wapate mwanga huo. Mshindani anayejua kwamba mzigo mkubwa utaangukia Machi hadi Mei hawezi kuandika 2,300.

Jibu likija kwamba ratiba haijulikani, narudi kwenye orodha ile ya miezi kumi na kuipima upya: Julai hadi Novemba naipa theluthi ya mzigo, Januari hadi Mei theluthi mbili. Wastani wa nusu ya kwanza ni 2,240, wa nusu ya pili ni 2,640, na wastani mpya unakuwa karibu sh. 2,507 mahali pa 2,440. Baada ya kugawanya kwa 0.96 na kuongeza riba ya kusubiri, ni sh. 73 zaidi kwa kilo, na bei yangu ya mwisho inasogea hadi 2,906. Ile 3,050 sasa ina faida ya sh. 144. Hapo naandika 3,100, najua nafasi yangu imepungua, na nikishindwa naendelea kuuza kwa debe Mbuyuni huku simu ikiwa na chaji.